Shajara ya mradi: televisheni moja, picha za mraba na filamu pana (Katuba, Lubumbashi)

Ukumbi ni mdogo, viti 35, televisheni moja ya inchi 43. Vyombo vinavyoiletea picha ni vinne: deki ya kaseti za VHS, deki ya DVD, dekoda ya setilaiti na flashi. Kinachoonyeshwa ni mchanganyiko: matangazo ya televisheni ya enzi za Zaire, mechi za zamani, filamu pana za sinema. Hadi mradi unaanza, kila kitu kilikuwa kinavutwa kijaze kioo. Mtoto mmoja wa mtaa aliuliza, "Papa, watu wa zamani walikuwa wanakula nini, mbona wote wanene hivi?" Shajara hii inaandikwa ili mwenye ukumbi mwingine asirudie makosa yetu.

6 Julai 2024. Vipimo kabla ya kugusa kitu

Televisheni ni ya uwiano wa 16:9, pikseli 1920 kwa 1080. Kwa futi ya fundi, kioo kina upana wa sentimita 95 na urefu wa 53.5. Hesabu tatu zinatosha kwa kazi yote, na tumeziandika kwa kalamu nyuma ya televisheni.

Tangazo la zamani ni 4:3, umbo tunaloliita hapa mraba ingawa si mraba kamili. Likikaa sawasawa linachukua pikseli 1440 kwa 1080, yaani sentimita 71 za upana, na kila upande unabaki weusi wa sentimita 12. Filamu pana ya 2.39:1 inajaza upana wote lakini urefu wake ni sentimita 40 tu. Juu na chini unabaki weusi wa karibu sentimita 7. Weusi huo wa aina mbili ni halali. Hakuna namna ya kuuondoa bila kuvuta picha au kuikata.

Weusi usio halali ni ule unaozunguka picha pande zote nne, picha ikiwa katikati kama dirisha dogo ukutani. Hapo filamu ya 16:9 inabaki na sentimita 71 kwa 40, asilimia 56 tu ya kioo tulichokilipia. Huo ndio tunaoufukuza, pamoja na kuvutwa. Picha ya 4:3 ikivutwa ijaze kioo, kila kitu kinanenepa kwa theluthi moja: mpira unakuwa yai.

7 Julai. Duara la kupimia

Jicho linazoea haraka. Baada ya dakika kumi za nyuso nene mtu haoni tena kasoro, kwa hiyo tulitaka kitu cha kupima kwa futi. Tulichora duara jeupe kwenye picha ya pikseli 1440 kwa 1080, kisha kwa programu ya kompyuta iitwayo ffmpeg tukaigeuza video yenye umbo lilelile la tangazo la zamani, pikseli 720 kwa 576:

```
ffmpeg -loop 1 -i duara.png -t 60 -vf "scale=720:576,setsar=16/15" -r 25 -pix_fmt yuv420p duara43.mp4
```

Hiyo `setsar=16/15` ndiyo alama inayokiambia chombo kwamba pikseli hizi si za mraba: kila moja ni pana kidogo kuliko urefu wake. 720 mara 16 gawa kwa 15 ni 768, na 768 kwa 576 ni 4:3 kamili. Ukipima duara kwenye kioo likawa sentimita 40 kwenda juu na 40 kwenda pembeni, umefika. Likiwa 40 kwa 53, picha inavutwa.

Kwa video ambayo hukuitengeneza wewe, usipime duara la katikati ya uwanja wa mpira. Kamera iko jukwaani, inaliangalia kwa mshazari, duara lazima lionekane yai hata picha ikiwa sawa. Pima mpira wenyewe ukiwa karibu na umesimama, maana mpira ni mviringo kutoka kila upande. Kwenye mikanda ya miaka ya 1971 hadi 1997 kuna kipimo kizuri zaidi: bendera ya Zaire yenye duara la njano katikati, hasa pale ilipochorwa ukutani na kamera ikasimama mbele yake.

Kwenye menyu ya televisheni tulizima mtindo unaoitwa `Panorama` (kwingine `Just` au `Smart`). Huo unaacha katikati sawa na kuvuta kingo tu, na mtu anayepita kutoka katikati kwenda pembeni ananenepa akitembea. Ni mbaya kuliko kuvuta kote.

13 Julai. Kaseti za VHS, na dola 12 zilizopotea

Televisheni haina matundu matatu ya njano, nyekundu na nyeupe. Ina tundu moja dogo la AV, kama la sikioni. Muuzaji alishauri kisanduku cha kugeuza waya wa njano kuwa HDMI, dola 12. Tulikinunua na kilikuwa kosa.

Kisanduku kinapokea picha ya 4:3, kinaivuta hadi 1920 kwa 1080, kisha kinaitoa. Kwenye HDMI, picha ya ukubwa huo siku zote inahesabiwa kuwa 16:9, kwa hiyo televisheni haina njia ya kujua kwamba asili yake ilikuwa mraba. Kuiweka televisheni kwenye `Auto` hakusaidii kitu, kwa sababu haipokei habari yoyote. Kuiweka `4:3` kwa mkono kungeirudisha picha, lakini televisheni hii inafunga chaguo hilo kwenye HDMI. Linakuwa la kijivu, halibonyezeki.

Dawa ilikuwa waya wa dola 3 wenye pini ndogo upande mmoja na matundu matatu upande mwingine. Nao ulisumbua saa nzima: sauti ilikuwa mngurumo mtupu, picha hakuna. Nyaya hizi hazifuati mpangilio mmoja wa pete za pini. Tulihamisha plagi ya njano ya deki kwenye tundu jekundu la waya, picha ikatokea. Sauti nayo tukaipata kwa kubadilisha zilizobaki.

Kupitia tundu hilo, chaguo la `4:3` liko wazi. `Auto` bado haifai kwa deki yetu ya kaseti. Televisheni za zamani zenye plagi pana ya peritel zilikuwa na pini ya 8 iliyoleta volti tofauti kwa picha pana na kwa picha ya mraba, lakini waya wa njano hauna pini hiyo. Kwa kaseti, basi, `4:3` inawekwa kwa mkono na inaachwa hapo.

Kitu kimoja hatukukitarajia. Tulikuwa tumezima ukataji wa kingo (kwenye menyu yetu ni `Just Scan: On`) ili tuone picha yote. Kaseti zikaonyesha ukanda wa kelele unaotetemeka chini, na vistari vyeupe vinavyopepesa juu. Ule wa chini unatokea pale vichwa vya deki vinapopokezana kusoma mkanda. Vya juu ni ishara za kitaalamu zilizorekodiwa pamoja na tangazo. Televisheni za zamani zilizificha nyuma ya fremu. Kwa kaseti tumerudisha ukataji, na kwa vyombo vingine vyote umezimwa.

20 Julai. DVD: dirisha ndani ya dirisha

Hapa ndipo tatizo la pande nne lilipokuwa. Filamu pana kwenye DVD, ikiwa imetengenezwa vizuri, imebanwa upande kwa upande ili itumie mistari yote 576. Deki ndiyo inayoamua kuikunjua. Yetu ilikuwa imeachwa kama ilivyotoka kiwandani, `TV Display: 4:3 LB`, maana yake inaamini televisheni ni ya mraba. Kwa hiyo inaifinya filamu hadi mistari 432 na kuongeza mistari 72 ya weusi juu na 72 chini. Televisheni nayo inapokea picha ya mraba, inaongeza weusi wake kushoto na kulia. Vyombo viwili, kila kimoja kimefanya kazi yake kwa uaminifu, na filamu imebanwa katikati.

Watu wengi hapa wanabonyeza `Zoom` kwenye telekomandi na kuona wamemaliza. Kioo kinajaa kweli, ila robo ya mistari imeshatupwa na deki kabla ya picha kufika. Maandishi madogo yanakuwa na ukungu. Dawa ni kwenye deki yenyewe: simamisha diski, ingia `Setup`, weka `TV Display: 16:9`. Kwenye deki nyingi chaguo hili halibadiliki diski ikiwa inacheza.

Njia tuliyotumia kujua weusi unatoka kwa nani ni ya kijinga lakini inafanya kazi kwenye televisheni hii: zima taa za ukumbi, pandisha `Brightness` hadi mwisho. Weusi uliokuja na ishara unageuka kijivu. Weusi uliowekwa na televisheni unabaki kama mkaa. Dirisha letu lilikuwa la kijivu juu na chini, mkaa kushoto na kulia, na hapo mkosaji wa kila upande alijulikana.

Tulinunua waya wa HDMI wa deki, dola 6, tukaweka ukubwa wa `1080p` kwa kudhani kubwa ni bora. Filamu pana zikatoka safi. Diski za matangazo ya zamani zikanenepa. Sababu ni ileile ya kisanduku cha dola 12: kwenye 1080 hakuna alama ya 4:3, deki inapaswa kuongeza weusi wa pembeni yenyewe, na hii yetu haijui. Tulishusha hadi `576p`. Kwa ukubwa huo HDMI inabeba alama ya uwiano, 4:3 au 16:9, na televisheni ikiwa `Auto` inaitii. Sasa diski mbili zinabadilishana bila mtu kugusa telekomandi. Ukiwa na deki yenye chaguo la `16:9 Pillarbox` au `Squeeze`, unaweza kubaki na 1080p.

27 Julai. Dekoda

Dekoda inatoa 1080i siku zote, kwa hiyo kazi ya umbo ni yake. Tuliweka `TV Type: 16:9` na `4:3 Conversion: Pillarbox`, ilikuwa `Full`. Dakika mbili, tumemaliza, isipokuwa kwa stesheni moja.

Stesheni hiyo ilionyesha mkanda wa zamani wa mwaka 1974 na watu wakawa wanene, ingawa mipangilio yote ilikuwa sahihi. Angalia nembo ya stesheni kwenye pembe. Nembo ikiwa ya mviringo kamili na watu ni wanene, aliyevuta ni stesheni yenyewe: mkanda ulivutwa kwanza, nembo ikabandikwa baadaye. Nembo ikiwa yai pamoja na watu, mkosaji yuko ndani ya ukumbi wako. Yetu ilikuwa mviringo. Kwa kipindi kama hicho televisheni ingewekwa `4:3` kwa mkono, watu wakawa sawa na nembo ikakonda, lakini kwenye HDMI yetu chaguo limefungwa. Tumekiacha. Mafaili yanatibika, stesheni haitibiki.

3 Agosti. Flashi: alama inayodanganya

Mechi ya zamani kwenye flashi, pikseli 1280 kwa 720, wachezaji mapipa. Tuliuliza faili lenyewe:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=width,height,sample_aspect_ratio,display_aspect_ratio -of default=nw=1 mechi.mp4
```

Jibu: `sample_aspect_ratio=1:1`, `display_aspect_ratio=16:9`. Kwa kompyuta hakuna kosa. Aliyerekodi aliivuta picha ya 4:3 hadi 16:9 kisha akaihifadhi hivyo, na mpira tu ndio uliosema ukweli: kwenye kioo ulikuwa sentimita 4 kwenda pembeni na 3 kwenda juu.

Kabla ya kurekebisha, hakikisha kwa VLC. Kitufe `A` kinabadilisha uwiano. Kwenye 4:3 mpira ukawa mviringo. Kitufe `C` kinakata picha, usivichanganye. VLC haibadilishi faili, inabadilisha tu unachokiona.

Jaribio la kwanza lilikuwa kubadilisha alama bila kugusa picha, `-c copy -aspect 4:3`. Sekunde chache, kompyuta ikaonyesha sawa, televisheni ikaendelea kuvuta. Amri hiyo inaandika alama kwenye ganda la faili peke yake, na televisheni hii inasoma alama iliyo ndani ya picha. Jaribio la pili liliandika pote pawili:

```
ffmpeg -i mechi.mp4 -c copy -aspect 4:3 -bsf:v h264_metadata=sample_aspect_ratio=3/4 mechi43.mp4
```

1280 mara 3 gawa kwa 4 ni 960, na 960 kwa 720 ni 4:3. Televisheni ilitii. Amri hii ni ya video za H.264 tu. Televisheni ya jirani tuliyojaribia haikujali alama yoyote. Kwake ilibidi weusi wa pembeni uchomwe ndani ya picha yenyewe:

```
ffmpeg -i mechi.mp4 -vf "scale=960:720,setsar=1,pad=1280:720:160:0" -c:a copy mechi_pad.mp4
```

Hii inatengeneza picha upya. Mechi nzima ilichukua saa mbili na nusu kwenye laptopu yetu, na umeme ulikatika mara moja katikati tukaanza tena. Uitumie pale tu njia ya alama ikishindwa, maana weusi uliochomwa hautoki.

10 Agosti. Filamu pana ndani ya mraba, yenye maandishi ya tafsiri

Filamu hii ilinakiliwa kutoka kwenye tangazo: 720 kwa 576, alama ya 4:3, na ndani yake filamu ya 2.39:1 yenye weusi mwingi juu na chini. Weusi uko ndani ya ishara, kwa hiyo hapa kukata ni halali. `Zoom` ya televisheni inakata mistari 72 juu na 72 chini na kubakiza 432, upana unajaa. Shida ni tafsiri ya Kifaransa: imeandikwa mistari miwili kwenye weusi wa chini, na wa pili unakatwa nusu. Unaona vichwa vya herufi tu.

Picha yenyewe inachukua karibu mistari 321 katikati, kuanzia wa 127 hadi wa 448. Ukikata sawa juu na chini, chini ya picha inabaki mistari 56 hivi, haitoshi. Lakini hakuna sheria inayosema ukate sawa. Tulishusha dirisha:

```
ffmpeg -i filamu.mpg -vf "crop=720:432:0:108" -c:v libx264 -crf 20 -flags +ilme+ildct -c:a aac filamu169.mp4
```

Linaanza mstari wa 108 na kuishia wa 540. Juu ya picha inabaki mistari 19 ya weusi, chini 92, na tafsiri yote imo. Picha inakaa juu kidogo kwenye kioo. Baada ya dakika moja hakuna aliyeligundua. Alama ya pikseli inabaki 16:15 bila kuandikwa: 768 kwa 432 ni 16:9. Namba 108 tuliichagua inagawanyika kwa 4 kwa sababu tangazo la zamani limefumwa kwa mistari ya zamu. Namba isiyogawanyika kwa 4, kama 110, ingezipa rangi za vitu vinavyokimbia meno ya kitana kingoni.

Kabla ya kutumia kompyuta, jaribu mishale ya juu na chini televisheni ikiwa kwenye `Zoom`. Nyingi zinaruhusu kusogeza picha. Yetu inaruhusu, ila inasahau kila ikizimwa.

17 Agosti. Karatasi ya ukutani na gharama

Mama anayeendesha maonyesho ya Jumapili alitaka kitu kifupi. Karatasi iliyobandikwa kando ya televisheni inasema: kaseti: `4:3`, ukataji wa kingo uwashwe; DVD: `Auto`, deki `16:9` na `576p`; dekoda: usiguse chochote; flashi: `Auto`, na faili likinenepesha watu liandikwe jina kwenye daftari.

Tumelipa dola 12 za kisanduku kilichokaa kabatini, 3 za waya wa AV, 6 za HDMI: jumla 21, za lazima zikiwa 9. Kwenye daftari kuna mafaili 11 yanayosubiri. Manane ni ya kubadilisha alama tu. Matatu yana weusi pande nne na tafsiri ndani yake, na moja kati ya hayo tafsiri inaruka kutoka chini kwenda juu kila mtangazaji anapoonyesha jina la mtu. Hilo bado hatujaamua tulikate wapi.